Kete 24 na Dadu Tatu: Jinsi ya Kujua Nani Atafilisika, na Baada ya Muda Gani

Mwaka 1657 Christiaan Huygens, Mholanzi aliyebobea katika hisabati na falaki, alichapisha kijitabu kifupi cha Kilatini kuhusu hesabu za michezo ya bahati. Mwishoni aliwaachia wasomaji maswali matano wayatatue wenyewe. La tano, ambalo asili yake ni Pascal, lilikuwa gumu kuliko yote. A na B wanacheza, kila mmoja akiwa na kete 12. Dadu tatu zinarushwa pamoja. Jumla ikiwa 11, A anampa B kete moja. Ikiwa 14, B anampa A kete moja. Jumla nyingine yoyote haibadilishi kitu, dadu zinarushwa tena. Atakayezikusanya kete zote 24 ndiye mshindi. Je, nafasi ya A ikoje ukiilinganisha na ya B?

Huygens alitoa jibu bila kuonyesha njia: 244140625 kwa 282429536481.

Jakob Bernoulli aliishughulikia hesabu hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Leo ipo njia ambayo mtu anayejua sehemu na kuzidisha anaweza kuifuata hatua kwa hatua, na ambayo hujibu pia swali ambalo Huygens hakuliuliza pale: mchezo utachukua mirusho mingapi kwa wastani? Njia hiyo inatumia kitu kiitwacho matriki ya msingi. John Kemeny na Laurie Snell waliieneza kwa kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu minyororo ya Markov, yaani mifumo inayoruka kutoka hali moja hadi nyingine kwa bahati, ambayo Mrusi Andrei Markov alianza kuandika juu yake mwaka 1906.

Mwongozo huu unaanza na mchezo mdogo wa kete nne, unaoweza kumalizwa kwa kalamu, kisha unarudi kwenye kete 24 za Huygens.

Kwanza, kwa nini inafanya kazi

Katika mchezo huu, "hali" ni idadi ya kete alizo nazo A. Hali zimegawanyika makundi mawili. Hali ya 0 na hali ya kete zote ni hali za kunasa: ukiingia hutoki, mchezo umekwisha. Zilizobaki ni hali za kupita: unaweza kuingia, kutoka, ukarudi tena, lakini hutakaa humo milele.

Wengi hujaribu kuorodhesha njia zote ambazo mchezo unaweza kufuata. Hapo hukwama, kwa sababu njia hazina mwisho: A anaweza kupata kete, akaipoteza, akaipata tena, mara elfu. Matriki ya msingi inaukwepa mtego huo kwa kuuliza swali jingine kabisa. Haiulizi mchezo utafuata njia ipi. Inauliza: *kabla ya mchezo kwisha, kila hali ya kupita itatembelewa mara ngapi kwa wastani?*

Ukishakuwa na daftari hilo la matembezi, majibu mawili yanatoka humo humo. Kila hatua ya mchezo huanzia katika hali fulani ya kupita, kwa hiyo jumla ya matembezi yote ndiyo idadi ya hatua kabla ya kunaswa. Na mchezo hauwezi kuishia kwenye sifuri bila kupita mlangoni pake, yaani hali ya kete moja. Basi uwezekano wa kuishia sifuri ni idadi ya matembezi kwenye hali ya kete moja, mara uwezekano wa kuchukua hatua ile ya mwisho.

Mchezo wa kete nne, hatua kwa hatua

Tuseme A ana kete 2 na B ana kete 2. Dadu tatu zina matokeo 216. Jumla ya 14 hupatikana kwa njia 15, na jumla ya 11 kwa njia 27. Kwa sasa tuiweke kando mirusho isiyobadilisha kitu na tuhesabu tu zile hatua ambazo kete inahama. Kati ya njia 42 zinazohamisha kete, 15 zinamfaidi A na 27 zinamfaidi B. Kwa hiyo kila kete inapohama, uwezekano kwamba inakwenda kwa A ni 5/14, na kwamba inakwenda kwa B ni 9/14.

1. *Tenga hali.* Za kupita ni 1, 2 na 3. Za kunasa ni 0 (A amefilisika) na 4 (A ameshinda).

2. *Andika matriki Q.* Hii ina uwezekano wa kutoka hali ya kupita kwenda hali ya kupita, na si vinginevyo. Mstari ni hali unayotoka, safu wima ni hali unayokwenda.

```
          1      2      3
Q =  1    0     5/14    0
     2   9/14    0     5/14
     3    0     9/14    0
```

3. *Andika matriki R.* Hii ina uwezekano wa kutoka hali ya kupita kwenda moja kwa moja kwenye hali ya kunasa.

```
          0      4
R =  1   9/14    0
     2    0      0
     3    0     5/14
```

Ukiunganisha mstari wa Q na mstari wake wa R, jumla lazima iwe 1. Mstari wa kwanza: 5/14 + 9/14. Sawa. Usisogee hatua ya nne kabla mistari yote haijatimiza sharti hili.

4. *Tafuta matriki ya msingi, N.* Kanuni yake ni hii, ambapo I ni matriki yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingine kote:

```
N = (I - Q)^(-1) = I + Q + Q^2 + Q^3 + ...
```

Upande wa kulia ndio unaoonyesha maana. I ni tembezi la kuanzia, kwa kuwa upo tayari mahali ulipoanzia. Q ni uwezekano wa kuwa katika kila hali baada ya hatua moja, Q² baada ya hatua mbili, na kuendelea. Ukivijumlisha vyote unapata wastani wa matembezi.

Lakini hapa hakuna haja ya kujumlisha bila kikomo, wala ya kukumbuka namna ya kupindua matriki. Chukua mchezo unaoanza kwenye hali ya 2, na uite matembezi ya hali tatu x1, x2 na x3. Ili kufika hali ya 1 lazima utoke hali ya 2 kwa kupoteza kete. Ili kufika hali ya 3 lazima utoke hali ya 2 kwa kupata kete. Na hali ya 2 inapata tembezi moja la kuanzia, pamoja na wanaorudi kutoka pande zote mbili:

```
x1 = (9/14) x2
x3 = (5/14) x2
x2 = 1 + (5/14) x1 + (9/14) x3
```

Tia mbili za kwanza ndani ya ya tatu: x2 = 1 + (90/196) x2. Kwa hiyo x2 = 196/106, yaani 98/53. Kutoka hapo x1 = 63/53 na x3 = 35/53. Huo ndio mstari wa kati wa N. Mistari mingine miwili hupatikana kwa namna hiyo hiyo, ukihamisha ile 1 ya kuanzia kwenye hali ya 1 au ya 3. Matriki nzima, kila namba ikigawanywa kwa 106, ni hii:

```
           1     2     3
N =  1    151    70    25
     2    126   196    70      (kila namba / 106)
     3     81   126   151
```

5. *Jumlisha kila mstari wa N.* Hapo unapata wastani wa hatua kabla ya kunaswa. Mstari wa kati: 126 + 196 + 70 = 392, na 392/106 ni karibu 3.70. Mchezo unaoanza kete 2 kwa 2 huhitaji wastani wa kete 3.7 kuhama ndipo uishe.

6. *Zidisha N kwa R.* Matokeo yake, tuyaite U, ni uwezekano wa kuishia kwenye kila hali ya kunasa. Kutoka hali ya 2, A anafilisika kwa uwezekano wa (126/106) × (9/14) = 81/106, na anashinda kwa (70/106) × (5/14) = 25/106. Jumla ni 106/106, kama inavyopaswa.

Tazama zile namba mbili, 25 na 81. Ni 5 mara 5, na 9 mara 9. Kwa kete mbili kila upande, nafasi za A na B ni 5² kwa 9². Hapo ndipo namba kubwa za Huygens zinapoanza kufunguka: 244140625 ni 5 iliyozidishwa kwa yenyewe hadi itimie mara 12, na 282429536481 ni 9 vilevile. Pengo la tano kwa tisa katika kila kete linakuzwa na urefu wa mchezo.

Mstari wa tatu una jambo jingine la kushangaza. A akiwa tayari na kete 3 kati ya 4, uwezekano wake wa kushinda ni (151/106) × (5/14) = 755/1484, yaani karibu 0.509. Amebakiza kete moja tu kushinda, mpinzani wake anahitaji tatu, na bado mchezo ni karibu nusu kwa nusu. Mtu anayekisia kwa macho hawezi kuliona hilo.

Hatua gani zinahesabiwa?

Kosa linalowapata wengi liko hapa, na ni gumu kuligundua kwa sababu nusu ya majibu hutoka sahihi.

Tulisema mchezo una wastani wa hatua 3.70. Lakini hizo ni kete zinazohama, si mirusho. Katika matokeo 216 ya dadu tatu, 174 hayahamishi kete yoyote. Anayetaka kujua atarusha dadu mara ngapi lazima airudishe mirusho hiyo ndani ya Q, kwenye mshazari:

```
            1        2        3
Q =  1   174/216   15/216     0
     2    27/216  174/216   15/216
     3      0      27/216  174/216
```

R nayo inabadilika, 9/14 inakuwa 27/216 na 5/14 inakuwa 15/216. Ukirudia hesabu, kila namba ya N inakua mara 216/42, kwa kuwa kila tembezi sasa linajumuisha mirusho ya kusubiri. Wastani unakuwa 2016/106, yaani mirusho 19.02. Uwezekano wa kushinda haubadiliki hata chembe: N imekua mara 216/42 na R imepungua kwa kiasi hicho hicho.

Funzo kwa anayekokotoa ni kwamba kuondoa hatua za kukaa palepale hakuharibu uwezekano wa kunaswa, bali huharibu muda. Kabla ya kuandika Q, andika juu ya karatasi kwa maneno: "hatua moja ni ..." na umalizie sentensi hiyo. Mrusho mmoja? Mwezi mmoja? Mwaka mmoja wa masomo?

Wastani usikudanganye

Mirusho 19 ni wastani, na mchezo mmoja unaweza kuwa mbali nao sana. N ile ile inatoa pia mtawanyiko. Ikiwa t ni orodha ya jumla za mistari ya N, basi:

```
V = (2N - I) t - t^2        (t^2: kila namba ya t mara yenyewe)
```

Kwa mchezo wa kete nne ukihesabu mirusho, kutoka hali ya 2, V ni karibu 244.9. Kipeuo chake cha pili, yaani mkengeuko sanifu, ni karibu 15.6. Kwa wastani wa 19, mkengeuko wa 15.6 ni mkubwa mno. Maana yake michezo mingi huisha mapema na michache huburuta muda mrefu. Anayepanga muda wa shughuli kwa kutazama wastani peke yake atashikwa bila maandalizi na hiyo michache.

Makosa ya kawaida, na jinsi ya kuyatambua

*Kuingiza hali ya kunasa ndani ya Q.* Hali ya kunasa ina 1 kwenye mshazari, kwa hiyo I − Q inapata mstari wenye sifuri tupu na haiwezi kupinduliwa. Kompyuta italalamika kwamba matriki ni `Singular matrix`. Iondoe hali hiyo.

*Kundi lisilo na mlango.* Kompyuta ikilalamika hivyo ilhali umeshaondoa hali zote za kunasa, kuna kundi la hali ulizoziita za kupita ambazo hazina njia ya kufika mwisho wowote. Chora mishale kutoka kila hali na ufuate kwa kidole. Katika mnyororo sahihi, kutoka kila hali ya kupita lazima kuwe na njia, hata ndefu, ya kufika angalau hali moja ya kunasa.

*Kugeuza mistari na safu wima.* Vitabu vingine huweka hali ya kuanzia kwenye safu wima. Ukichanganya, utajumlisha upande usio wake. Dalili yake ni kwamba mistari ya Q na R pamoja haina jumla ya 1, au mistari ya U haijumliki kuwa 1.

*Kusahau tembezi la kuanzia.* Namba za mshazari wa N haziwezi kuwa chini ya 1, kwa kuwa ulipoanzia pamehesabiwa mara moja tayari. Ukiona 0.8 kwenye mshazari, kuna kosa. Ukiona namba hasi popote ndani ya N, huenda uliandika Q − I badala ya I − Q.

> Orodha ya kukagua kabla ya kuamini jibu
>
> ☐ Maana ya "hatua moja" imeandikwa kwa maneno.
> ☐ Kila mstari wa Q pamoja na R una jumla ya 1.
> ☐ Kila hali ya kupita ina njia ya kufika kwenye kunasa.
> ☐ N haina namba hasi, na mshazari wake ni 1 au zaidi.
> ☐ Kila mstari wa U una jumla ya 1.
> ☐ Umejaribu (I − Q) × N kwa mstari mmoja angalau. Kwa mfano wetu, mstari wa kati mara safu ya kati: (−45 + 196 − 45)/106 = 1.

Kurudi kwa Huygens

Kwa kete 24 kuna hali 23 za kupita. Kwa kalamu ni kazi ya kuchosha, kwa kompyuta ni mistari kumi. Hapa kuna ushauri mmoja wa kiufundi: usipindue matriki kama unahitaji t na U tu. Iambie kompyuta itatue milinganyo (I − Q) t = 1 na (I − Q) U = R. Kazi inapungua, na makosa ya kukadiria desimali kwa kawaida hupungua pia, jambo linaloonekana hasa hali zinapofika maelfu.

```python
import numpy as np
jumla, p, q = 24, 15/216, 27/216
n = jumla - 1
Q = (1-p-q)*np.eye(n) + p*np.eye(n, k=1) + q*np.eye(n, k=-1)
R = np.zeros((n, 2))
R[0, 0], R[-1, 1] = q, p
M = np.eye(n) - Q
t = np.linalg.solve(M, np.ones(n))
U = np.linalg.solve(M, R)
print(t[11], U[11], U[11, 0] / U[11, 1])
```

Python huanza kuhesabu kutoka 0, kwa hiyo nafasi ya 11 ni hali ya kete 12. Jaribu kwanza kwa `jumla = 4` na usome nafasi ya 1 badala ya 11: lazima upate 19.02, na uwezekano wa 0.764 na 0.236, ambao ndio 81/106 na 25/106. Zikitofautiana, kosa limo kwenye Q au R, na ni rahisi kulitafuta katika hali tatu kuliko katika 23.

Kisha rudisha 24. Uwezekano wa A kushinda unatoka karibu 0.00086, mchezo mmoja katika kila 1158 hivi. Uwiano wa mwisho unaochapwa ni karibu 1156.83, na ukigawanya 282429536481 kwa 244140625, zile zilizochapwa mwaka 1657, unapata namba hiyo hiyo. Wastani wa mirusho ni 215.6, na mkengeuko wake sanifu ni karibu 115.

Pale ambapo njia hii haitoshi

Kila kitu hapo juu kinasimama juu ya sharti moja: hatua ijayo inategemea hali ya sasa tu, si namna ulivyofika hapo. Dadu hutimiza sharti hili, kwa kuwa hazikumbuki mrusho uliopita. Mambo ya watu mara nyingi hayatimizi. Mwanafunzi anayerudia kidato kwa mara ya pili hana uwezekano sawa wa kuendelea na yule anayekisoma mara ya kwanza, hata kama wote wamekaa kwenye dawati moja. Ukiwaweka katika hali moja, N itatoa namba safi zisizo za kweli.

Dawa ni kuigawa hali. Badala ya "Kidato cha Pili", andika "Kidato cha Pili, mara ya kwanza" na "Kidato cha Pili, anarudia", kila moja na mstari wake ndani ya Q. Matriki inakuwa kubwa, lakini hatua zote sita zinabaki zile zile. Ili kujua kama kugawa kunahitajika, chukua kumbukumbu ulizo nazo na uhesabu uwezekano wa kutoka katika hali hiyo kwa makundi mawili, waliofika kwa njia moja na waliofika kwa nyingine. Namba zikikaribiana, ziache pamoja. Zikiachana sana, zitenge kabla ya kukokotoa chochote.